Kutoka Naivasha hadi Aalsmeer: mwongozo kamili wa meneja anayetumwa kuongoza kampuni tanzu ya maua

Kila mwaka, baada ya msimu wa Valentino, hunijia malalamiko yale yale kutoka kwa meneja aliyetumwa Uholanzi kuongoza kampuni tanzu ya shamba la maua la Kenya: "Hawa watu hawana heshima, na makao makuu wananiona mimi ndiye mlegevu." Nikimuuliza kama alijiandaa, huniambia alizisoma zile namba za utamaduni, umbali wa mamlaka na ubinafsi, tena kazikariri akiwa ndani ya ndege. Namba anazo. Asichokuwa nacho ni jibu la swali dogo: azifanyie nini Jumatatu asubuhi?

Mimi nilikaa Aalsmeer, mji wa mnada wa maua Uholanzi, miaka minne nikifanya kazi hiyo hiyo, na mengi ya makosa yaliyomo humu ni yangu. Mwongozo unahusu siku 90 za kwanza. Nimechukua mfano mmoja, Mkenya katika kampuni ya kufungua na kuuza waridi Uholanzi, kwa sababu ndio ninaoujua ndani nje. Ukitumwa kwingine, hatua ni hizi hizi ila namba zitabadilika.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Alama za nchi mbili, kutoka jedwali moja. Zinazotumika zaidi ni za mtafiti Mholanzi Geert Hofstede:

| Kipimo | Afrika Mashariki | Uholanzi |
|---|---|---|
| Umbali wa mamlaka | 64 | 38 |
| Ubinafsi | 27 | 80 |
| Kukwepa mashaka | 52 | 53 |
| Ushindani (huitwa pia uanaume) | 41 | 14 |

Mtandaoni utakuta majedwali mengine yenye alama tofauti za ubinafsi, kwa kuwa zimewahi kurekebishwa. Usichukue alama ya Kenya huku na ya Uholanzi kule.

Orodha ya wafanyakazi wako wote, ikionyesha kila mmoja ametoka nchi gani, anafanya kazi wapi kati ya ofisini na ghalani, na kama ameajiriwa nanyi au na wakala wa vibarua.

Daftari la karatasi. Lisiwe la kompyuta ya kampuni, maana utaandika mambo usiyotaka yasomwe na mwingine.

Mtu mmoja wa kukufafanulia tabia. Awe ameishi pande zote mbili, na asiwe chini yako kikazi. Wangu alikuwa Mholanzi mstaafu wa kampuni ya usafirishaji aliyekaa Nakuru miaka kadhaa. Nilimnunulia kahawa kila Ijumaa.

Mwanasheria wa kazi wa Kiholanzi wa kumpigia simu. Utaona sababu kwenye hatua ya 5.

Barua kutoka makao makuu inayosema mambo gani unaamua mwenyewe na yapi lazima uulize. Usipande ndege bila hiyo barua. Hatua ya 6 inaitegemea.

## Hatua ya 1: Geuza namba ziwe utabiri

Kwanza toa alama moja kutoka kwa nyingine. Kukwepa mashaka, tofauti ni 1: kisahau kabisa. Umbali wa mamlaka, tofauti ni 26. Ubinafsi ni 53. Hivyo viwili ndivyo vitakavyokuamsha usiku. Ushindani, yaani kuthamini kushinda na cheo kuliko maisha ya nyumbani, tutaugusa kwa kupita.

Sasa elewa kilichopimwa, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Alama ya umbali wa mamlaka ilitokana na maswali matatu waliyoulizwa wafanyakazi wa IBM kati ya 1967 na 1973. La kwanza: ni mara ngapi wafanyakazi huogopa kumwambia mkubwa wao kwamba hawakubaliani naye? La pili, mkubwa wako huamua kwa namna gani? La tatu, ungependa aamue kwa namna gani? Basi. Kipimo kinatazama kutoka chini kwenda juu. Hakisemi mabosi wa Kiholanzi hawana nguvu. Kinasema mtu wa chini yao haogopi sana kupinga, na anatarajia kuulizwa.

Ubinafsi nao si uchoyo, ingawa Kiswahili kinatuponza hapo. Maana yake ni kwamba mtu hujihesabu kwanza kama yeye na familia yake ya karibu, na kazini mahusiano yake na mwajiri ni ya mkataba. Kwetu mtu ni wa ukoo, wa kijiji, wa chama, na mwajiri naye huingizwa humo kama mzazi wa aina fulani.

Halafu chukua karatasi uandike utabiri kwa maneno ya vitendo. Usiandike "Waholanzi wana umbali mdogo wa mamlaka." Andika hivi:

1. Nikitangaza uamuzi ambao sikuwauliza, mtu ataupinga hadharani, na huenda akawa wa cheo cha chini kabisa.
2. Nikionyesha kujali mambo ya nyumbani kwa mtu kama ninavyofanya Naivasha, ataona nimevuka mpaka.

Kwa nini hivyo: utabiri unaweza kukutwa si kweli, na utausahihisha. Sifa ya taifa zima haisahihishiki. Utaitumia tu kumhukumu kila unayekutana naye.

Tahadhari. Alama hizi si asilimia. Malaysia ilipata 104 kwenye umbali wa mamlaka. Pia hazimhusu mtu mmoja mmoja, ni wastani wa kulinganisha nchi na nchi. Na hiyo "Afrika Mashariki" ni mkoba mmoja ulimotiwa Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia. Kwa jedwali hili, Mkenya akitumwa Dar es Salaam tofauti ni sufuri katika kila kipimo. Mkenya yeyote aliyewahi kuingia duka la Kariakoo akaagiza bila kusalimia anajua kwamba hiyo sufuri ni ya uongo.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye sentensi mbili au tatu, kila moja ikisema nani atafanya nini.

## Hatua ya 2: Hesabu nani yuko ghalani

Nilifika Aalsmeer nikiwa na alama za Uholanzi mfukoni, nikakuta wafanyakazi 34. Ofisini walikuwa tisa, Waholanzi watupu. Ghalani walikuwa 25, na kati yao 17 walikuwa Wapoland, wengi wao walioletwa na wakala. Kwa hiyo kule maua yanakofunguliwa usiku, Uholanzi yangu ya kwenye karatasi haikuwepo.

Alama za Poland kwenye jedwali hilo hilo: umbali wa mamlaka 68, ubinafsi 60. Tazama tena ile 68. Inaizidi hata ya kwetu. Maana yake chini ya paa moja ulikuwa na watu wanaotarajia kukupinga, na ukuta wa pili watu ambao huenda wasikwambie hata jengo likiwaka.

Kwa hiyo andika utabiri mara mbili: karatasi ya ofisi, karatasi ya ghala. Wa ghala uwe hivi: *mambo yakiharibika usiku, nitakuwa wa mwisho kujua.*

Tahadhari: alama za Wapoland zilipatikana Poland. Mtu aliyeacha kwao akavuka mipaka kutafuta kazi si lazima afanane na wastani wa waliobaki. Wewe mwenyewe unafanana na wastani wa kijiji chenu?

## Hatua ya 3: Uliza kwanza, lakini sema nani anaamua

Hili ndilo lililonichoma. Tulikuwa tunajiandaa kwa Valentino, wiki mbili kabla. Nilitaka ghala lianze saa nane usiku badala ya saa tisa, ili maua yakatwe mashina, yatiwe kwenye maji na kupangwa kwenye toroli mapema kabla saa ya mnada haijaanza kuzunguka saa kumi na mbili asubuhi. Nikatangaza kwenye kikao cha Jumatatu. Msichana wa mauzo, miaka 26, akaniangalia usoni.

"Sikubaliani. Umeangalia ratiba ya ndege? Boksi zenyewe zinatufikia saa tisa kasorobo. Watakaa bure."

Mbele ya watu wote. Nilihisi masikio yakiwaka. Nikafunga kikao, nikamwita ofisini, nikamwambia kwa upole kwamba kila jambo lina mahali pake, na kwamba mimi hupenda sana vijana wenye mawazo. Kwetu angetoka pale akijua amechapwa. Yeye alitoka akitabasamu: bosi kanisifia mawazo. Jumatatu iliyofuata alinipinga mara mbili.

Na kuhusu ndege alikuwa sahihi.

Sasa fanya hivi. Siku mbili kabla ya kikao, tuma karatasi fupi yenye mambo manne: tatizo ni lipi, pendekezo lako ni lipi, uamuzi utatoka siku gani, na nani atauamua. Kwa mfano wa saa za Valentino:

> Mwaka jana toroli zetu zilichelewa kupangwa. Napendekeza ghala lianze saa nane usiku kuanzia tarehe 5 hadi 12 Februari. Kwenye kikao cha Jumanne nataka kusikia kasoro za pendekezo hili. Nitaamua mimi, Alhamisi saa sita mchana.

Kwenye kikao, mtu akisema "hilo halitawezekana", jibu lako liwe moja: "Nini kikibadilika litawezekana?" Kisha nyamaza. Pinzani zikija zitaje kwa sauti, ziandike, na Alhamisi useme ipi umeikubali na ipi umeiacha, na kwa nini.

Kwa nini inafanya kazi: Mholanzi wa kawaida hadai kushinda. Anadai kusikilizwa kabla mlango haujafungwa. Ukimpa hilo, uamuzi wako unashika. Ukimnyima, utaujadili uamuzi ule ule kwenye korido wiki nzima.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, usiulize kama tayari umeshaamua. Wanaigundua haraka, na safari ya pili hakuna atakayekwambia kitu cha maana. Ya pili ni ya kisheria: kampuni ikifikisha watu 50, lazima iwe na baraza la wafanyakazi, na mabadiliko ya mpangilio wa saa za kazi huhitaji idhini yake. Hapo kuuliza si suala la utamaduni tena. Hata mkiwa wachache kuliko hao, mpigie mwanasheria kabla ya kugusa ratiba ya usiku.

Utajua umefaulu pale mtu aliyekupinga Jumanne anapowaeleza wenzake uamuzi wako Ijumaa kana kwamba ni wake.

## Hatua ya 4: Tengeneza sentensi mbili, ya ofisini na ya ghalani

Lugha ya kazi itakuwa Kiingereza kwa wote, kwa hiyo utadhani mnaelewana. Tatizo haliko kwenye maneno. Liko kwenye kiasi unachoacha bila kusema.

Ofisini, sema kitu chote. "Ukipata nafasi uitazame ile ripoti" kwetu ni amri iliyovaa koti. Pale ni kitu cha hiari, na hataitazama. Sema: "Naomba ripoti ya madai ya wateja ifike kwangu Jumatano saa nne asubuhi." Hakuna atakayeona umemkosea adabu. Vivyo hivyo "tutaona", ambayo kwetu mara nyingi ni "hapana" ya kiungwana, wao huihesabu kama ahadi ya jibu, na watakuja kulidai. Kama jibu ni hapana, sema hapana na sababu moja.

Kumkosoa mtu nako ni hivyo hivyo: faraghani, kosa moja, tukio moja, unachotaka kibadilike. Yule msichana ningemwambia: "Sina tatizo ukinipinga. Lakini suala la ndege ulilijua Ijumaa. Nataka uniambie siku unapojua." Dakika mbili zingetosha.

Ghalani mambo yanageuka. Huko amri yako itafuatwa bila swali, na hilo ndilo tatizo. Siku tatu mfululizo usiku watu wangu walifungua boksi za waridi zenye ukungu wa kijivu, ule unaoanza kama madoa madogo kwenye petali kisha ua linaoza. Waliyachomoa mabaya sana, wakayapanga mengine kwenye ndoo. Hakuna aliyenipigia simu. Nilijua siku ya nne, kwa dai la mteja.

Nikashuka chini nikauliza kwa hasira kwa nini hawakusema. Kiongozi wa zamu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alinijibu kwa utulivu: "Bosi, uliuliza kila asubuhi kama kuna tatizo. Kazi ilikuwa imeisha kwa wakati."

Nilifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. "Kuna tatizo?" ni swali linalomtaka mtu wa chini awe jasiri. Anayejibu "ndiyo" anakuwa mleta habari mbaya, na huenda akaonekana anamshtaki mwenzake. Palipo na umbali mkubwa wa mamlaka, jibu la salama ni "hapana", tena si uongo kamili, maana kazi imeisha kweli.

Kwa hiyo nikabadilisha swali. Kila siku saa kumi alfajiri nilipita kwenye meza za kufungulia nikisema: "Nionyeshe boksi tatu mbaya zaidi za usiku huu." Hapo hakuna anayehitaji ujasiri. Boksi tatu mbaya zaidi zipo kila siku, hata siku nzuri, na anayezionyesha anatii agizo tu. Usiku mwingine boksi hizo huwa na mashina mawili yaliyovunjika, mnacheka, unaenda zako. Usiku mwingine unachovya kipimajoto kati ya mashada kikakupa nyuzi 9 badala ya 2 hadi 4, na hapo hapo unajua baridi ilikatika mahali fulani kati ya Nairobi na mlango wako. Unapiga picha, unatuma shambani kabla hata hawajanywa chai.

Tahadhari: siku ya kwanza utakapoonyeshwa kitu kibaya kweli, uso wako utaangaliwa na watu 25. Sema asante, uliza boksi zilifika saa ngapi, ondoka. Ukimkaripia mtu mmoja pale mezani, kesho utaonyeshwa boksi tatu zilizochaguliwa vizuri.

Utajua umefaulu watakapoanza kukuwekea zile tatu pembeni kabla hujafika.

## Hatua ya 5: Ondoa mkono kwenye mambo ya nyumbani

Naivasha, mfanyakazi asipofika kazini utapiga simu: "Unaumwa nini? Umeenda hospitali? Nani yuko nawe?" Usipouliza, watasema bosi hana utu. Nilifanya hivyo hivyo wiki yangu ya pili kwa mhasibu aliyeripoti anaumwa. Upande wa pili pakawa kimya, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma kanuni: "Hilo huruhusiwi kuniuliza."

Kweli sikuruhusiwa. Kwa sheria ya Uholanzi mwajiri haulizi mtu anaumwa nini wala kwa sababu gani. Hayo ni ya daktari wa kazi, ambaye naye hatakwambia ugonjwa, atakwambia tu mtu anaweza kazi gani na kwa kiasi gani. Hata mgonjwa akikutajia mwenyewe, usiandike popote. Wewe unauliza mambo machache: unatarajia kurudi lini, unapatikana kwa namba ipi, na kazi gani inahitaji mtu mwingine kwa sasa. Wakati huo huo mshahara unaendelea, usiopungua asilimia 70, hadi miaka miwili. Soma sentensi hiyo tena kisha umweleze mkurugenzi wako wa fedha Nairobi mapema, maana hataamini.

Mengine ni madogo ila yanajumlishika. Usimweke mpwa wa mtu ghalani kwa sababu ni mpwa wa mtu. Usishangae mkuu wa mauzo akifanya kazi siku nne kwa wiki na Jumatano akawa nyumbani na watoto. Kwa ushindani wa alama 14, hilo halimshushii mtu hadhi. Usibandike ukutani picha ya "mfanyakazi bora wa mwezi". Wana msemo wao kwamba ukiwa wa kawaida tu, huo nao ni wazimu wa kutosha. Na siku yako ya kuzaliwa keki unaleta wewe. Mimi nilisubiri ya kwangu hadi jioni.

Ghalani kwa Wapoland kanuni ya ugonjwa ni ile ile, maana sheria haina kabila.

## Hatua ya 6: Linda mgongo wako makao makuu

Hapa ndipo mameneja wengi wanapovunjika, na hakuna jedwali linalokuonya. Umebadilisha tabia yako Aalsmeer, lakini bosi wako yuko Kenya, na anakupima kwa kipimo cha Kenya. Akisikia unawauliza wafanyakazi maoni, anasikia meneja aliyeshindwa.

Mkurugenzi wangu alinipigia simu Jumapili usiku. Kule ilikuwa imeshapita saa nne, maana majira ya baridi Kenya iko mbele kwa saa mbili.

"Umeshawaambia waanze saa nane?"

"Bado, Mzee. Nawauliza kwanza."

"Unawauliza nini? Mkubwa huko si wewe?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikasema nitawaambia kesho, nikawaambia kesho, na mwisho wake mmeshausoma kwenye hatua ya 3. Ndiyo, kile kikao cha aibu kilikuja baada ya simu hii. Nilikuwa nimeanza kujifunza kuuliza, nikaacha kwa woga.

Dawa yake huanza kabla ya kusafiri. Keti na mkurugenzi wako ana kwa ana, usitumie barua pepe, umweleze jambo moja kwa lugha ya fedha na muda. Usimwambie habari za "utamaduni wao". Atakwambia amefanya biashara na Wazungu miaka thelathini. Mwambie: "Mzee, kila uamuzi wa kubadilisha saa au majukumu utanichukua siku nne badala ya moja. Siku tatu hizo natafuta kasoro. Siku ya nne natangaza, na hautarudi nyuma." Kisha uombe yaandikwe kwenye ile barua: mambo ya ratiba, majukumu na nidhamu unaamua wewe; bei za chini, mikopo ya wateja na ajira za kudumu unauliza.

Ukishafika, mpe kila Jumatatu asubuhi ukurasa mmoja wenye safu tatu: uamuzi unaoendelea, siku utakapotoka, kilichotoka wiki iliyopita. Anayeona tarehe hapigi simu usiku.

Tahadhari: usimtupie lawama mfanyakazi ili ujiokoe. "Waholanzi wamekataa" ni sentensi itakayokufuata hadi siku ya kupandishwa cheo. Sema "nimeamua tubaki saa tisa, kwa sababu ndege inatua hivi."

Na usimlete mkurugenzi kwenye kikao cha ofisi bila kumwandaa. Nilimshuhudia mmoja, wa kampuni nyingine, akipingwa na dereva wa lori kuhusu njia ya kupitia. Meneja wake aliitwa nyumbani ndani ya mwezi.

## Hatua ya 7: Lipe daftari siku 90, kisha lihukumu

Kila jioni andika tukio moja lililokushangaza, kwa mistari mitatu: kilichotokea, wewe ulidhani ni nini, na yule mtu wako wa kahawa amesema ni nini. Mstari wa pili uandike siku hiyo hiyo, kabla hujapoa. Wa tatu ujaze Ijumaa.

Mfano kutoka langu:

> *Kilichotokea:* Mhasibu amekula mkate wake wa jibini peke yake mezani, hakunikaribisha. *Nilidhani:* ana kinyongo cha ile simu. *Kahawa:* anakula chakula chake cha mchana.

Siku ya 90 rudi kwenye karatasi mbili za utabiri. Kila sentensi ipimwe na matukio yaliyomo daftarini. Inayokubaliana na mengi ibaki. Inayokataliwa na mengi ikate kwa kalamu. Kwangu utabiri wa ofisi ulibaki wote. Ule wa ghala ulikatika nusu: Wapoland walioajiriwa nasi moja kwa moja, waliokaa miaka mitano na zaidi, walikuwa wananiletea habari mbaya bila kuulizwa. Walionyamaza walikuwa wa wakala, ambao mkataba wao ungeweza kukatika haraka, Wapoland na wasio Wapoland. Nilikuwa nimekiita Poland kitu ambacho kilikuwa hofu ya kupoteza kibarua.

Kwa hiyo nikamwandikia wakala tukubaliane kwamba hakuna atakayerudishwa kwake kwa sababu ya boksi mbaya aliyoionyesha mwenyewe, nikaomba sharti hilo libandikwe mlangoni kwa Kipoland. Wiki iliyofuata, saa kumi alfajiri, zilikuwa zimewekwa pembeni boksi tano.